Pengo la USDT: bei ya P2P dhidi ya bei ya Benki Kuu

MUTUA: Karibuni tena. Leo tunaanza na swali la msikilizaji wetu anayeuza vitenge hapa Nairobi, mzigo wake anauchukua Kariakoo. Anasema ameangalia jukwaa la Binance, upande wa P2P ambako watu huuziana wenyewe kwa wenyewe, akaona USDT moja, ile sarafu ya kidijitali inayofuata dola, inauzwa shilingi 131, na siku hiyo hiyo Benki Kuu ya Kenya imeandika dola shilingi 129.20. Anauliza: hiyo shilingi 1.80 inaenda wapi, na je, apitishie pesa huko au asipitishie?

ZUHURA: Hizo namba tutazitumia kama mfano, maana wiki ijayo zitakuwa nyingine. Lakini swali lake ni zuri, kwa sababu watu wengi hapo hapo wanahitimisha kwamba USDT iko juu kwa 1.4%, na kwamba shilingi imeanza kudhoofika. Mimi nimekaa miaka kwenye duka la kubadilisha fedha, Mutua, na mtu akinisomea bei moja tu ya dola namuuliza: ya kununua au ya kuuza?

MUTUA: Maana ubao wa duka una bei mbili.

ZUHURA: Na P2P pia ina mbili. Hiyo 131 ni bei utakayolipa wewe ukinunua. Ageukie kibao cha Sell, aone wanaonunua wanatoa ngapi. Tuseme wanatoa 129.40. Kati ya 129.40 na 131 pana shilingi 1.60, na hiyo ni faida ya muuzaji, mshahara wake wa kukaa na pesa na kubeba hatari. Haihusiani na thamani ya shilingi. Kwa hiyo chukua katikati ya bei hizo mbili, ambayo ni 130.20, ndipo ulinganishe na 129.20 ya Benki Kuu. Pengo la kweli linakuwa kama 0.8%, si 1.4%.

MUTUA: Na hiyo ya Benki Kuu nayo ni ya katikati?

ZUHURA: Ndiyo, ni wastani. Hakuna benki itakayokuuzia dola kwa bei hiyo. Ndiyo maana kulinganisha wastani na bei ya kununulia ni kumwonea mfanyabiashara wa P2P. Ukitaka kulinganisha 131, ilinganishe na bei ambayo benki yako ingekuuzia dola leo asubuhi.

MUTUA: Wewe unaiandika vipi?

ZUHURA: Kwenye lahajedwali ya kawaida. Safu ya B ni bei ya kununua, C ya kuuza, D ni bei ya Benki Kuu, E ni bei ya USDT kwa dola halisi kwenye soko kubwa, ambayo kwa kawaida ni karibu sana na 1. Safu ya pengo inakuwa hivi:

```
=((B2+C2)/2)/(D2*E2)-1
```

MUTUA: Hiyo E watu wengi wataiacha.

ZUHURA: Siku nyingi hutapoteza kitu ukiiacha. Lakini Machi 2023, Silicon Valley Bank ya Marekani ilipoanguka, USDC, sarafu nyingine inayofuata dola, ilishuka hadi karibu senti 88 za dola, watu wakakimbilia USDT, nayo ikapanda kidogo juu ya dola moja. Aliyekuwa hana safu ya E wikendi ile angedhani shilingi ndiyo imepata shida.

MUTUA: Haya, bei za kuandika kwenye B na C unazitoa wapi? Maana ukifungua pale, tangazo la kwanza na la kumi hazifanani.

ZUHURA: Hapo ndipo watu wanaharibu rekodi zao. Cha kwanza, chagua njia ya malipo M-Pesa na uandike kiasi chako halisi kabla ya kusoma bei. Msikilizaji wetu anatuma laki moja, basi aandike 100,000. Matangazo mengi ya juu kabisa yatatoweka, kwa sababu mengine yanataka malipo ya benki, mengine yanaishia elfu kumi, mengine yanaanzia nusu milioni. Na kumbuka M-Pesa hairuhusu zaidi ya 250,000 kwa muamala mmoja, kwa hiyo mwenye kiasi kikubwa anasoma soko tofauti na lako.

MUTUA: Halafu anachukua tangazo la kwanza lililobaki?

ZUHURA: Hapana, la kwanza mara nyingi ni chambo. Mtu anaweka bei nzuri, ukimfungulia oda anakuandikia "tuongee WhatsApp," au anakupa namba ya M-Pesa yenye jina lisilofanana na la akaunti yake. Mimi naangalia matano au sita ya wafanyabiashara waliothibitishwa, wenye oda nyingi zilizokamilika, nachukua la katikati. Bei iliyojitenga na wenzake kwa shilingi mbili naitupa, hata kama inanipendeza. Hasa ikinipendeza.

MUTUA: Kwani anayeweka bei ya hasara anapata nini?

ZUHURA: Anaweza kuwa analipa kwa pesa ya wizi, anataka kuitoa haraka. Fikiria wewe ndiye unauza USDT. Mtu anakupa bei tamu kuliko wote, pesa inaingia kwenye M-Pesa yako, wewe unaachilia USDT. Kumbe aliyetuma ni mtu wa tatu aliyetapeliwa. Anatuma ule ujumbe kwa 456 kuomba irudishwe, na pesa iliyo kwenye laini yako inazuiwa. Jukwaa lilikuwa limezifungia USDT mpaka wewe uthibitishe umelipwa, na wewe umeshathibitisha. Huo ulinzi umeisha.

MUTUA: Kwa hiyo jina kwenye M-Pesa lilingane na jina kwenye jukwaa.

ZUHURA: Herufi kwa herufi. Na uangalie salio lako, usiamini ujumbe wa simu, maana ujumbe bandia unatengenezwa kwa dakika moja. Sasa unaona kwa nini bei ya ajabu haifai kuingia kwenye rekodi ya pengo: ndani yake imebeba hatari ambayo wewe huwezi kuipima.

MUTUA: Na saa je? Mimi nimeona Jumapili usiku pengo linapanuka.

ZUHURA: Jumapili unalinganisha bei ya P2P ya sasa hivi na bei ya Benki Kuu ya Ijumaa. Soko la benki limefungwa, wauzaji wa P2P hawawezi kwenda kununua dola nyingine kabla ya Jumatatu, basi wanajiachia nafasi. Mimi naandika siku za kazi tu, asubuhi baada ya Benki Kuu kuweka bei mpya, saa ile ile kila siku. Wikendi naiandika kwenye karatasi nyingine kama nina haja. Na hata siku za kazi bei rasmi inaweza kuwa imechelewa. Kumbuka mwanzo wa 2024.

MUTUA: Dola ilikuwa 160.

ZUHURA: Januari ilikuwa kama 160, Februari serikali ikapata mkopo mpya wa kulipa ile Yurobondi ya Juni, na kufika mwisho wa Machi tuko karibu 132. Bei ikishuka kwa kasi namna hiyo, ya asubuhi haikufai jioni. Pengo la siku kama hizo linakuambia saa zimepishana, basi.

MUTUA: Lakini kuna wakati pengo lilikuwa la kweli. Mwanzo wa 2023 nilienda benki kutafuta dola nikaambiwa nisubiri.

ZUHURA: Kabisa. Bei ya Benki Kuu ilikuwepo kwenye tovuti, dola haikuwepo kwenye dirisha, na benki zenyewe zilikuwa zikiuza shilingi kadhaa juu yake. Ethiopia ilikuwa zaidi ya hapo. Kabla ya tarehe 29 Julai 2024 bei rasmi ilikuwa birr 57 na kidogo, mtaani zaidi ya 100. Ukichukua 57 ukailinganisha na USDT, utasema USDT ni ghali maradufu. Lakini hiyo 57 nani aliipata? Siku ile birr ilipoachiwa, bei rasmi ikaruka hadi 74 kwa mara moja, na ikaendelea kupanda kuifuata ya mtaani. Bei rasmi ndiyo iliyosogea.

MUTUA: Basi jaribio lako ni kuuliza kama dola inapatikana kwa bei rasmi.

ZUHURA: Piga simu benki mbili, uliza dola elfu moja leo. Wakikupa, pengo kubwa la P2P litakuwa faida ya wauzaji au bei iliyochelewa. Wasipokupa, basi namba ya P2P iko karibu na ukweli kuliko ya tovuti.

MUTUA: Turudi kwa mama wa vitenge. Ana laki moja ya Kenya, anataka ifike Dar.

ZUHURA: Yeye hana haja na pengo la Kenya peke yake. Anaingia kwa pengo la Kenya, anatokea kwa pengo la Tanzania, kinachomhusu ni tofauti yao. Tumfanyie hesabu. Laki moja kwa 131 ni USDT 763.36. Tuseme bei rasmi ya Dar ni shilingi 2,500 kwa dola, na P2P ya Tanzania wananunua USDT kwa 2,520. Anapata kama milioni 1 na 923,660 za Tanzania.

MUTUA: Kwa bei rasmi za pande zote mbili?

ZUHURA: Milioni 1 na 934,985. Amepungukiwa elfu kumi na moja na mia tatu hivi, karibu 0.6%. Unaona, kuingia alilipa 1.4% juu, kutoka akalipwa 0.8% juu, ikajifidia. Ongeza ada: shilingi 108 za kutuma laki moja kwa M-Pesa hapa, na ada ya kutoa kule.

MUTUA: Na angetuma moja kwa moja? M-Pesa ya hapa na ya Vodacom kule zimeunganishwa tangu 2015.

ZUHURA: Ndicho kipimo chake halisi. Aanze muamala, asome kiasi kitakachofika Dar kabla ya kuweka PIN, aandike. Bei ya huko nayo ina faida ya mtu ndani yake. Kikizidi milioni 1 na 923,660, mjadala umeisha. Kikipungua kwa elfu tano, mimi bado ningetuma moja kwa moja, kwa sababu njia ya P2P ina watu wawili asiowajua, mmoja kila upande wa mpaka.

MUTUA: Na sheria?

ZUHURA: Kenya ile kodi ya 3% kwa mali za kidijitali ilifutwa 2025, sasa kuna ushuru wa 10% juu ya ada za majukwaa. Tanzania ni kugumu zaidi. Benki Kuu yao ilitoa tangazo Novemba 2019 kwamba sarafu hizi haziruhusiwi, halafu Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya 3% kwa uhamishaji wa mali za kidijitali. Iweke hiyo 3% kwenye hesabu tuliyofanya sasa hivi, uone kinachobaki.

MUTUA: Amekwenda hasara ya elfu sitini na tisa hivi.

ZUHURA: Elfu hamsini na saba na mia saba kwa kodi peke yake.