Kumpata Mlezi Jikoni: Mhadhara kwa Wanafunzi Wanaokwenda Mafunzo ya Kazini Malindi

Assalamu aleikum, na hamjambo nyote.

Nimeombwa nizungumze na nyinyi mnaokwenda kwenye mahoteli ya hapa Malindi kwa wiki 12. Barua za utambulisho mnazo, vitabu vya kumbukumbu za kila siku mmepewa, na kila mmoja ataambiwa msimamizi wake ni nani. Leo simzungumzii msimamizi. Nazungumzia mtu mwingine, ambaye jina lake haliko kwenye karatasi yoyote: yule mfanyakazi wa humo humo atakayekukubali, akakuonyesha kazi inavyofanywa hasa. Nitamwita mlezi. Mfano wangu utakuwa jikoni, maana wengi wenu ni wa upishi. Wa mapokezi na wa vyumba mtabadilisha majina ya vitu tu.

Kwanza muelewe kwa nini msimamizi peke yake hatoshi. Msimamizi ndiye anayetia sahihi kitabu chako na kukupa alama. Kwa hivyo mbele yake utataka kuonekana unajua, na maswali ya kijinga utayameza. Tena mara nyingi ni shefu mkuu au msaidizi wake, mtu wa oda, rosta na simu za wauza samaki. Mlezi hana alama zako mkononi. Mbele yake unaweza kusema, "Hili silijui." Faida yake yote iko hapo, na ndiyo maana nawaambia msimtafute kwa cheo.

Basi mtafute wapi? Wiki mbili za mwanzo usimwombe mtu chochote. Fanya kazi uliyopewa na uangalie. Angalia mambo matatu. Nani wenzake wanamwendea kitu kinapoharibika, sosi ikikatika au hesabu ya stoo isipolingana? Nani huacha meza yake safi zamu ikiisha? Na nani akikosolewa na shefu hajibu kwa kumtupia lawama mwenzake? Mtu akiwa na mawili kati ya hayo, mweke akilini. Mara nyingi atakuwa mpishi wa miaka mingi kwenye meza ya samaki na nyama, au karani wa stoo. Karani wa stoo wanafunzi humpita tu, na ndiye anayejua kila kinachoingia na kutoka.

Kuna mtu mmoja wa kumwepuka. Ni yule anayekuja mbio siku ya kwanza, akakuweka pembeni, akaanza kukueleza nani ni mbaya humu ndani. Huyo hatafuti mwanafunzi, anatafuta mtu wa upande wake.

Jambo la msimu nalo lina uzito hapa kwetu. Mkienda Mei, mnaingia wakati wa mvua za masika, wageni ni wachache, na mahoteli mengine hupunguza watu au hufunga kabisa. Uzuri wake ni kwamba waliobaki wana nafasi ya kukufundisha. Ubaya wake ni kwamba uliyemchagua anaweza kuwa kibarua wa msimu ambaye wiki ijayo hayupo, au ataenda likizo. Itazame rosta ya mwezi kabla hujajifunga kwa mtu mmoja. Mkienda Desemba ni kinyume: watu wote wapo, ila hakuna mwenye dakika ya kupoteza.

Sasa namna ya kumwendea. Kosa kubwa kuliko yote ni kumfuata mtu mzima na kumwambia, "Naomba uwe mlezi wangu." Umemtwika mzigo ambao hajui ukubwa wake. Atacheka, au atasema sawa ili uondoke. Usiombe uhusiano. Uliza swali moja dogo kuhusu kazi anayoifanya vizuri, na uje na kitu ulichokwisha kukifanya mwenyewe.

Tuchukue nguru. Tuseme ameingia nguru mzima wa kilo 8, na kwa kawaida ya jiko hilo akisafishwa na kutolewa mifupa hubaki kama kilo 5 za minofu. Kipande cha mgeni mmoja ni gramu 180, kwa hivyo hesabu ya siku inataka vipande 27. Umekata wewe, umetoa 24. Mwanafunzi wa kawaida atanyamaza, au atamwendea mpishi na kumwuliza, "Samaki anakatwaje?" Swali hilo halina mlango. Mpishi aanzie wapi?

Wewe fanya hivi. Kabla hujamwuliza mtu, weka vipande vyako kwenye mizani. Vikiwa gramu 205 kila kimoja, jumla yake ni karibu kilo 5, kwa hivyo nyama yote umeitoa, ila umekata vinene. Vikiwa gramu 180 sawasawa, jumla ni kilo 4 na gramu 320 tu, na zaidi ya nusu kilo imebaki kwenye mifupa na ngozi. Hapo tatizo ni kisu chako kinavyopita kwenye uti wa mgongo. Hayo ni makosa mawili tofauti na dawa zake ni tofauti. Ukishajua ni lipi, ndipo umwendee:

"Shikamoo, mzee. Samahani kwa kukukatiza. Leo nimetoa vipande 24 badala ya 27. Nimepima, uzito wa kila kipande uko sawa, naona nyama nimeiacha kwenye mfupa. Ukikata nguru mwingine, naomba nisimame nikuangalie mkono."

Maneno hayo hayamalizi nusu dakika. Umemheshimu, umemwonyesha kwamba umehangaika kabla ya kuja, na unachoomba hakimgharimu kitu: kusimama tu. Watu wa kazi za mikono wengi hawapendi kuhojiwa, lakini kuonyesha mkono hawakatai.

Saa nayo ichagueni vizuri. Saa sita na nusu mchana, oda zimepangana, hata salamu ni usumbufu. Nafasi nzuri huwa kati ya saa tisa na saa kumi na moja jioni, chakula cha mchana kimekwisha na cha usiku hakijaanza. Ijumaa kumbuka wanaokwenda msikitini adhuhuri. Mwezi wa Ramadhani, mpishi aliyefunga anapika bila kuonja na bila maji. Saa ya mwisho kabla ya magharibi mwache.

Kisha linakuja jambo ambalo wengi huliacha, na ndilo linalofunga uhusiano: kurudisha majibu. Akikuonyesha leo, kesho au kesho kutwa rudi umwambie, "Mzee, leo nimepata 26." Basi, usiongeze swali jingine. Anayefundisha bila kuletewa habari huona anamwaga maji mchangani. Baada ya kurudi hivyo mara tatu au nne, utaona yeye mwenyewe anakuita: "Kijana, njoo uone hii." Ukishaitwa, mlezi umempata, na hakuna aliyelitaja neno hilo.

Asipokuita? Ukiambiwa "baadaye" mara tatu na baadaye haiji, mwache kwa heshima na uendelee kumsalimia kama kawaida. Huenda amechoka, huenda mwanafunzi wa mwaka jana alimkera. Usimwulize sababu.

Tuje kwenye kuutunza uhusiano huo. Wa kwanza kujua awe msimamizi wako. Mwambie waziwazi, "Shefu, nikimaliza kazi yangu, naweza kumwangalia mzee wa samaki?" Ukificha, siku shefu atakayokukuta kwenye meza isiyo yako ataona umemkimbia, na mlezi ndiye atakayeulizwa kwa nini anapanga watu wasio wake. Umemletea matatizo mtu aliyekufadhili.

Muda usizidi kama dakika 15, na mara mbili kwa wiki inatosha. Simu usiombe mapema. Akikupa namba, ujumbe wa Wasap uwe wa mchana, mfupi, wa kazi. Wakati wa kuandika ripoti ya chuo, usimwombe akutolee bei za ununuzi, kadi za mapishi za hoteli wala majina ya wageni. Si mali yake kuvitoa. Hayo ombeni ofisini, na mkikataliwa ripoti iandikwe bila hayo.

Pesa msikopeshane, si kwenda wala kurudi. Zawadi kabla ya alama kutoka ni rushwa hata kama moyoni hukukusudia. Siku ya mwisho ukileta kashata mkala jikoni nzima, hakuna ubaya. Na kumfulia aproni au kumnunulia sigara kila siku si adabu ya mwanafunzi. Akianza kukutuma hivyo, jibu jepesi ni, "Shefu ameniweka kwenye mboga, mzee, nikitoka ataniuliza."

Hapa mabinti wanisikilize, na wavulana vilevile. Mafunzo hufanyika mahali penye watu: kwenye meza, stoo ikiwa wazi, mkahawa wa wafanyakazi. Mwaliko wa kufundishwa nyumbani, chumbani kwa wafanyakazi au ufukweni baada ya zamu ya usiku unakataliwa, na hauhitaji maelezo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 6, inakataza unyanyasaji wa kingono kazini, na mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa awe na sera yake kwa maandishi. Waulize ofisi ya wafanyakazi siku ya kwanza, mkiwa kundi, sera hiyo iko wapi na malalamiko hupelekwa kwa nani. Likitokea jambo, andika tarehe, saa na maneno, kisha mjulishe pia mwalimu wenu wa chuo anayewatembelea.

Mkimaliza, muage mlezi ana kwa ana. Ukitaka kuandika jina lake katika wasifu wako kama mtu wa kuulizwa habari zako, mwombe ruhusa kwanza, na umkumbushe kila unapotuma maombi, asije akapigiwa simu ghafla akasema hakukumbuki. Barua rasmi ya kumaliza inatoka ofisini, si kwake.

Kuna swali limeandikwa hapa: mlezi na msimamizi wakifundisha tofauti, nimfuate nani? Swali zuri, na litatokea. Mzee atakwambia kipande cha gramu 160 kinatosha, mgeni hajui. Kadi ya mapishi imesema 180. Mbele ya sahani ya mgeni fuata kadi, kwa sababu bei ya menyu imepigwa hesabu kwa uzito huo na msimamizi ndiye atakayejibu. Lakini usiende kwa shefu kusema mzee fulani kanifundisha vingine, na usirudi kwa mzee kumwambia amekosea. Namna yake ya kushika kisu ichukue, uzito wake uache.

Nani mwingine ana swali?