Namna ya Kukagua Begi la Shule Kabla ya Kulipa

Karibuni, wazazi na walezi. Nipo dukani kwangu hapa Kirumba, Mwanza, na mezani nimeweka mabegi mawili yenye ukubwa mmoja, la bluu na jekundu. Rangi mtoto atachagua mwenyewe. Sisi tuanze na mshono.

Geuzeni begi mtazame mkanda unapoungana na mgongo, kwa sababu mzigo wote huning'inia hapo. Mkanda wa hili la bluu umeingizwa ndani ya mshono, kisha ukashonwa tena kwa umbo la mraba lenye msalaba katikati, ilhali jekundu lina mstari mmoja tu wa uzi. Tazameni na upande wa ndani: ukingo wa kitambaa ukiwa umekatwa karibu mno na mshono na nyuzi zimeanza kuchanika, mkanda utang'oka na kitambaa chake hata kama uzi ni imara.

Sasa zipu, na hapa nawasihi: msiijaribu begi likiwa tupu. Zipu ya begi tupu huteleza vizuri karibu kila mara. Jazeni kwanza madaftari, ndipo mfunge polepole mkipita kwenye kona, mahali ambapo mzigo huyavuta meno kando. Naomba kamera isogee. Chuma kinarudisha mwanga, ngoja nigeuze begi. Hapo sasa. Mnaona meno ya jekundu yanavyoachana nyuma ya kichwa cha zipu? Kichwa hicho hakiyabani sawasawa, na hali hiyo huzidi kadiri kinavyolika. Kabla sijalitia madaftari lilifunga bila shida yoyote, ndiyo maana narudia: lijazeni kwanza.

Mkanda wa bega uwe na upana wa sentimita 5 hivi. Bonyezeni sponji kwa kidole gumba, kisha mwachie. Ikibaki imebonyea, italala bapa mapema. Mimi hupendelea sponji ngumu kidogo kuliko ile laini inayopendeza mkononi.

Mwisho ni mizani. La bluu tupu lina gramu 500. Jekundu lina gramu 900, kwa kuwa mgongoni limewekwa plastiki nzito. Tuchukue mtoto wa kilo 20. Kiwango kinachopendekezwa sana ni mzigo usiozidi asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa mtoto, nami hushika ile 10, yaani kilo 2, hasa kwa watoto wanaopanda vilima vya mawe vya huku kwetu. Tukiondoa begi la bluu na nusu lita ya maji, inabaki kilo 1 ya madaftari. Kwa jekundu zinabaki gramu 600 tu.

Ikiwa tayari mmenunua begi lenye mshono mmoja, lipelekeni kwa fundi cherehani aongeze ule mraba kabla halijabebeshwa vitabu. Zipu inayoachana, lakini, irudisheni dukani siku hiyohiyo.