Shifti ya usiku kwenye Excel: saa za mlinzi zinavyopotea na namna ya kuzirudisha

Habari za mchana ndugu zangu, wa huko nyuma sogeeni kidogo maana leo kuna namba za kuangalia ukutani. Wengi wenu mna lodge hapa Mwanga na Gungu, wengine maghala ya dagaa kule Kibirizi, wengine bekari, na wote mna kitabu cha mahudhurio, mtu anaandika kaingia saa ngapi katoka saa ngapi anasaini, halafu mwisho wa mwezi karani anaingiza kwenye Excel anatoa saa za kulipa. Shifti za mchana hazina shida sana. Mi nataka tukae na mstari mmoja tu wa mlinzi wa usiku, tuuelewe mpaka mwisho.

Mlinzi kaingia saa 3:40 usiku, katoka saa 12:10 asubuhi, kapumzika saa nzima kuanzia saa 7 usiku. Tuhesabu kwanza kwa vidole. Toka saa 3:40 mpaka saa 6 usiku ni saa 2 na dakika 20, toka hapo mpaka 12:10 ni saa 6 na dakika 10, jumla saa 8 na nusu, toa mapumziko zinabaki saa 7 na nusu za kulipwa. Hiyo namba shikeni, ndo ya kuipimia kompyuta.

Sasa karani anaandika 21:40 kwenye B2, 6:10 kwenye C2, anatoa C2-B2, seli inajaa alama za reli #####. Kwa Excel, saa ni kipande cha siku: saa 12 asubuhi ni robo yaani 0.25, saa 6 mchana ni 0.5. Kwa hiyo 6:10 ni kama 0.2569 na 21:40 ni 0.9028, ukitoa unapata hasi, na Excel haiwezi kuonyesha muda ulio hasi. Haijui kwamba hiyo 6:10 ni ya kesho yake, hakuna aliyeiambia. Dawa ni MOD, ambayo jibu likiwa hasi inaongeza siku moja nzima:

```
=MOD(C2-B2,1)*24-D2/60
```

MOD inatoa 0.3542, ukizidisha kwa 24 unapata 8.5, kisha D2 ndo dakika za mapumziko, 60 gawa kwa 60 ni 1, jibu 7.5. Sawa na vidole. Ila angalia seli ya jibu iwe Number, ikiwa bado imekaa kwenye taimu utaona 12:00, maana Excel inaisoma 7.5 kama siku saba na nusu na inakuonyesha ile nusu tu, karani anaweza kulipa saa 12 bila kujua. Na hiyo 7.5 msije mkaiandika 7.30. Kama saa inalipwa shilingi 2,000, saa 7.5 ni 15,000, ukizidisha kwa 7.30 ni 14,600, mlinzi kapoteza 400 kwa usiku mmoja, na akifanya shifti 26 kwa mwezi ni 10,400, hiyo ni hela ya mtu.

Sasa hapa ndo pagumu kwetu na naomba tusipite haraka. Mlinzi wako haandiki 21:40, anaandika 3:40, ndo saa yake anayoijua, na karani anaiingiza hivohivo. Tujaribu, 3:40 mpaka 12:10, Excel inadhani ni alfajiri mpaka mchana, inatoa saa 8 na nusu. Jibu sahihi! Karani anafurahi anaona mambo yako sawa. Wiki inayofuata mlinzi mwingine kaingia saa 4 usiku katoka saa 1 asubuhi, kweli ni saa 9, lakini 4:00 mpaka 1:00 kwa MOD ni saa 21. Wa tatu kaingia saa 12 jioni katoka saa 12 asubuhi, 12:00 toa 12:00 ni sifuri, ukitoa na mapumziko anadaiwa saa moja na bosi! Fomula ni ileile, mistari mitatu, mmoja umepona kwa bahati tu na ndo huo unaofanya watu wasishtuke. Kwa hiyo pale getini iwekwe saa ya digitali ya masaa 24 au simu iliyosetiwa hivo, na mlinzi aandike kinachosomeka bila kubadilisha chochote kichwani. Na aandike na nukta mbili, akiandika 21.40 Excel haioni saa kabisa, inaona namba ya kawaida.

Saa ya kweli inahitajika pia kwa sababu ya hela ya usiku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema usiku ni kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi, na kila saa ya hapo inaongezewa angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Mlinzi wetu, toka 21:40 mpaka 6:00 ni saa 8 na dakika 20, toa saa ya mapumziko iliyoangukia usiku, zinabaki 7 na dakika 20, yaani 7.33, mara shilingi 100 ambayo ni asilimia 5 ya ile 2,000, ni kama 733. Zile dakika 10 baada ya saa 12 hazimo. Ukiwa umeandika 3:40 mpaka 12:10 hesabu hiyo huwezi kuipata.

Kuna mama hapa mbele kauliza, je nikate tu saa moja kwa kila mtu kila siku? Hapana mama. Sheria inampa mapumziko ya angalau dakika 60 anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa 5, na mwajiri halazimiki kuyalipia, ISIPOKUWA umemtaka afanye kazi au awe tayari kwa kazi muda huo. Mlinzi aliye peke yake getini, anakula ugali huku anaangalia geti na ndo ulivyomwagiza, huyo hajapumzika, D2 yake ni sifuri na unalipa 8.5. Ndo maana dakika za mapumziko zina kolamu yake, zinaandikwa kila usiku kwa kilichotokea, tusizifiche ndani ya fomula.

Swali lingine, kaka pale mlangoni anasema vipi mtu akisahau kusaini kutoka. Hapo MOD ni hatari. Seli tupu Excel inaihesabu sifuri, na sifuri ni saa 6 usiku, kwa hiyo mlinzi wetu anaonekana katoka usiku wa manane, 2.33 toa 1, analipwa saa 1.33 kwa usiku mzima, na hakuna alama yoyote ya kosa. Tumia hii:

```
=IF(COUNT(B2:C2)<2,"KAGUA",MOD(C2-B2,1)*24-D2/60)
```

COUNT inahesabu namba tu, kwa hiyo seli tupu au mtu aliyeandika "3:40 usiku" kwa maneno, vyote vinatoa KAGUA. Isichokamata ni aliyegeuza saa, shifti ya mchana ya 8:00 mpaka 17:00 ukiandika kuingia 17:00 na kutoka 8:00 MOD inakupa saa 15 kwa utulivu kabisa. Kila mstari ambao kuingia mpaka kutoka unazidi saa 12, rudi kwenye kitabu na umuulize mwenyewe kabla ya kulipa, maana hata ukiweka ovataimu sheria hairuhusu zaidi ya saa 12 kwa siku.