Jinsi ya Kumwandikia Bosi Wako wa Zamani Barua ya Kuomba Kazi za Msimu wa Ritani

Karibuni tena dukani. Kama unanitazama kwa mara ya kwanza, mimi nina steshenari hapa Morogoro, nachapa na kuandika barua za watu, na kazi hii naipenda kweli. Leo tunaandika barua moja tu, kuanzia anwani mpaka saini. Unamwandikia bosi uliyewahi kumfanyia kazi, unamwambia kwamba msimu wa ritani, yaani taarifa za kodi zinazopelekwa TRA, ukifika na kazi zikawa nyingi, wewe upo, na unaweza kuja kwa siku chache kwa malipo ya siku. Huombi kurudi kazini. Hilo shika tangu sasa, maana nitalirudia.

Mfano wetu ni wa dada mmoja mteja wangu. Ameniruhusu nionyeshe rasimu yake, jina lake na la ofisi nimeyaziba kwa vipande vya karatasi. Alikuwa msaidizi wa hesabu kwenye ofisi ndogo ya wahasibu, akaacha alipojifungua. Mtoto sasa amekua kidogo, bibi yake yupo nyumbani anamwangalia, na dada anataka kazi ya msimu, siyo ajira ya mwaka mzima.

Kwa nini ofisi ya wahasibu? Kwa sababu msimu wao unajulikana kwa tarehe. Kampuni nyingi zinafunga hesabu 31 Desemba, na ritani ya mwisho ya kodi ya mapato inatakiwa TRA ndani ya miezi sita, yaani ifikapo 30 Juni. Siku hiyohiyo ndiyo mwisho wa awamu ya pili ya kodi ya makadirio, ile inayolipwa kwa awamu ndani ya mwaka, kwa wateja haohao. Na kazi za kila mwezi hazisimami: kodi ya mishahara tarehe 7, ritani ya VAT tarehe 20. Ukifika Juni, meza ya bosi haionekani kwa mafaili, na mtu wa kumfundisha kazi upya hana muda naye. Anamhitaji mtu anayejua tayari. Barua nzima inasimama hapo.

Haya, tuanze. Anwani yako juu kulia, tarehe chini yake, anwani ya ofisi kushoto. Hayo mlifundishwa shuleni, napita. Mwandikie mtu aliyekuwa anakugawia kazi, kwa cheo chake. Kwenye ofisi ndogo huyo ni mkurugenzi mwenyewe.

Tarehe nataka niisimamie kidogo. Sisi tumeandika 8 Aprili 2026. Kwa kazi ya Mei na Juni, Aprili ndiyo mwezi wake. Makadirio ya kwanza ya mwaka yamekwisha kupita 31 Machi, ofisi imepumua, na bosi anaanza kupanga nani atashika faili gani. Ukipeleka katikati ya Juni, barua itakaa chini ya mafaili hayohayo uliyotaka kuyapunguza.

Sasa kichwa cha barua. Ngoja nisogeze simu, mwanga wa dirishani unapiga kwenye karatasi... hapo sawa. Subirini. Mnaona alichoandika? «YAH: MAOMBI YA KAZI.» Nimeliona sasa hivi kwenye skrini, nilikuwa nimelipita. Tusimamishe kila kitu tulirekebishe. Bosi akisoma maneno hayo anafikiria mshahara wa kila mwezi, likizo, michango ya NSSF, na anakumbuka kwamba hana nafasi. Anaiweka pembeni kabla hajafika aya ya pili. Tunaandika hivi:

«YAH: KUJITOLEA KUSAIDIA KAZI ZA RITANI...»

Hapana, «kujitolea» pia futa, atadhani ni bure! Hii hapa:

«YAH: UTAYARI WA KUFANYA KAZI ZA MUDA KATIKA MSIMU WA RITANI, MEI HADI JUNI 2026»

Ni ndefu, lakini inasema kazi gani na mpaka lini. Mimi sipendi kuanza aya ya kwanza na «Husika na kichwa cha habari hapo juu». Ukiipenda iweke, haiharibu kitu. Mimi naingia moja kwa moja:

«Nilikuwa msaidizi wa hesabu katika ofisi yako kuanzia mwaka 2020 hadi Agosti 2023, nilipoacha kazi kwa notisi kwa sababu za kifamilia. Nakuandikia kukuarifu kwamba naweza kusaidia kazi za ritani katika miezi ya Mei na Juni, kwa malipo ya siku, bila kuhitaji ajira ya kudumu.»

Sentensi mbili, basi. Namna ulivyoondoka itaje kwa maneno machache, kwa sababu hilo ndilo swali la kwanza kichwani mwake. Kama kuna mshahara unaodai, huo una barua yake peke yake. Usiuchomeke humu.

Aya ya pili: unajua nini ambacho hatahitaji kukufundisha. Dada yangu aliandika «nina uzoefu mkubwa na ni mchapakazi». Tumefuta. Badala yake: «Naweza kuanza siku ya kwanza bila mafunzo katika kupanga risiti na ankara za wateja, kulinganisha taarifa za benki na daftari la fedha, na kuandaa majedwali ya ritani ya VAT kwa ajili ya kukaguliwa na mhasibu.» Angalieni mwisho wa sentensi: kukaguliwa na mhasibu. Bosi anayeweka saini yake kwenye hesabu anataka kujua kwamba unaijua mipaka yako.

Kwenye aya hii kuna mambo mawili hayaandikwi. Usitaje majina ya wateja wa ofisi, hata kama uliwahudumia miaka mitatu. Na usiandike kwamba bado unakumbuka nywila za mfumo. Kuna kijana alitaka nimchapie hilo akidhani ni sifa. Bosi akilisoma, anachofanya ni kubadilisha nywila, hakupigii simu. Kama siku hizi una wateja wako binafsi wa hesabu, ongeza sentensi moja: sitachukua wala kushawishi mteja wa ofisi yako. Usipoisema wewe, yeye ataiwaza.

Sasa tumefika penyewe. Aya ya muda. Hapa ndipo barua nyingi zinazopita dukani kwangu zinapoharibika, kwa hiyo punguzeni sauti ya redio huko nyumbani. Usiandike «nipo tayari wakati wowote». Narudia, usiandike «wakati wowote». Unadhani unamrahisishia, kumbe umempa kazi ya kukupangia, na siku akikuita ukasema mtoto anaumwa, umevunja ahadi uliyoitoa kwa maandishi. Andika siku, saa, mwanzo na mwisho.

Kwa dada yetu: «Napatikana Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa 2 asubuhi hadi saa 8 mchana, kuanzia Jumatatu 4 Mei hadi Ijumaa 19 Juni 2026, na kila siku ya kazi kuanzia Jumatatu 22 Juni hadi Jumanne 30 Juni. Jumla ni siku zisizozidi 28.»

Tuhesabu pamoja. Wiki saba mara siku tatu ni 21. Kuanzia 22 hadi 30 Juni ukiacha Jumamosi na Jumapili ni siku 7. Jumla 28. Na kwa nini «zisizozidi»? Kwa sababu Idi el-Haji inatarajiwa mwishoni mwa Mei, na sikukuu hiyo inafuata mwezi, inaweza kuangukia siku yake ya kazi. Neno hilo moja linakuokoa wewe na yeye. Chukua kalenda ya ukutani uguse kila tarehe kwa kidole, usihesabu kichwani. Na ahidi siku unazoweza kuzitimiza hata wiki mbaya. Kuongeza baadaye ni rahisi, kupunguza ni aibu. Na «wakati wowote» hapana. Nimesema mara tatu sasa.

Samahani, bodaboda huyo. Ngoja apite. Haya.

Malipo. Wengi wanaona haya kutaja, wanaandika «malipo tutaelewana». Mimi ni wa kutaja, kwa sababu bosi anataka kujua kama kitu hiki kinaingia kwenye bajeti yake ya Juni au hakiingii. Dada ameweka shilingi 35,000 kwa siku. Mara 28 ni 980,000, na jumla hiyo tunaiandika pia. Kisha tunaongeza: «kabla ya makato ya kodi yanayotakiwa kisheria». Kwa mfano, ofisi ikimlipa kama mtoa huduma, itazuia asilimia 5, yaani 49,000, na mkononi atapata 931,000. Kama hukuandika «kabla ya makato», hapo ndipo ugomvi unapozaliwa siku ya kulipwa. TIN yako iwe tayari.

Na mkataba. Usiandike «naomba mkataba wa muda maalum wa miezi miwili». Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ina mikataba ya aina tofauti, na kanuni za mwaka 2017 zilisema mkataba wa muda maalum usipungue miezi 12. Mwanasheria wa ofisi akiona miezi miwili anaweza kusita. Ipo aina nyingine kwenye sheria hiyohiyo, mkataba wa kazi maalum, unaofungwa kwa kazi yenyewe inayotajwa. Kwa hiyo tunaandika: «Niko tayari kusaini mkataba wa kazi maalum, au makubaliano mengine ambayo ofisi itaona yanafaa.» Mlango tumeuacha wazi, na aina ya mkataba ataichagua yeye na mshauri wake.

Funga kwa namba ya simu na saa za kupokea. Saini kwa kalamu, jina kamili chini yake. Ukurasa mmoja tu. Ikivuka, punguza aya ya pili, usiguse ya muda.

Chapa nakala mbili. Moja wanabaki nayo mapokezi, nyingine wanakugongea muhuri wa kupokelewa na tarehe, unarudi nayo nyumbani. Kama bosi yuko mkoa mwingine, tuma kwa barua pepe ikiwa PDF, na kichwa cha barua pepe kiwe kilekile cha YAH. Baada ya wiki piga simu mara moja, asubuhi, na usipige tarehe 7 wala 20, mnajua kwa nini.

Akikwambia «mwaka huu tumeshapata mtu», muulize kama anahitaji msaada kuelekea 30 Septemba, awamu ya tatu ya makadirio, umpelekee barua nyingine Agosti. Akikwambia «njoo kesho», nenda, lakini kabla hujafungua faili la kwanza omba karatasi moja yenye kazi, siku na kiwango, mkasaini wote wawili. Sampuli ya karatasi hiyo ninayo hapa dukani pamoja na ya barua hii, nachapa kwa siku hiyohiyo.