Risiti ya pesa kutoka Omani: pesa zako zimeenda wapi?

Assalamu alaykum, karibuni tena mezani kwangu hapa Mombasa. Leo tuna risiti moja, kalamu nyekundu na kalkuleta ya simu. Risiti ni ya shoga yangu anayefanya kazi Maskati, amekuja nayo likizo. Alimtumia mamake pesa za matumizi kutoka duka moja la pesa kule Ruwi. Jina na namba zake nimezibandikia tepu, msijaribu kuzisoma.

Ngoja, karatasi inajikunja. Naiwekea kikombe cha kahawa hapa juu. Haya, imetulia.

Tarehe, namba ya kitambulisho, jina la mpokeaji, hayo mnayajua, tuyapite. Shukeni hapa chini penye hesabu. Kuna mistari sita, na maduka mengi ya Ghuba yanaiandika kwa Kiingereza. Nasoma kama ilivyo: `LC Amount 58.425`, kisha `Charges 1.500`, kisha `VAT 0.075`, kisha `Total 60.000`. Halafu `FC Amount 19,282.18`. Na huu mstari wa `Rate`, mmh, huu umepauka. Risiti hizi huchapwa kwa joto, hazina wino, ndiyo maana zikikaa kwenye pochi maandishi yanafifia. Tutaurudia.

Kwanza hizo sufuri tatu. Riali moja ya Omani ni baiza 1,000, kwa hiyo nyuma ya nukta huwa kuna tarakimu tatu. `60.000` ni riali sitini, si elfu sitini. Riali ya Saudia ina tarakimu mbili tu, kwa hiyo mliozoea risiti za Jidda angalieni hapo.

Sasa tuanzie chini twende juu. Shoga yangu alitoa mfukoni riali 60. Hiyo ndiyo `Total`. Ada ni riali 1 na baiza 500. Ile `VAT` ni kodi ya asilimia 5, na inakatwa kwenye ada peke yake, haikatwi kwenye pesa unazotuma. Asilimia 5 ya 1.500 ni 0.075, yaani baiza 75. Ukiona kodi imefika riali 3 kwenye riali 60, wameikata kwenye pesa yote. Usitoke dirishani, uliza.

60 toa 1.500 toa 0.075, inabaki 58.425. Hiyo ndiyo `LC Amount`, pesa ya pale ulipo, na ndiyo peke yake iliyobadilishwa kuwa shilingi. Naizungushia nyekundu. Wengi humpigia mama na kumwambia "nimekutumia sitini", halafu mama akipiga hesabu haifiki, maneno yanaanza. Zilizotumwa ni hamsini na nane na ushei. Ukitaka ziende sitini kamili, mwambie karani mapema kwamba ada utailipa juu yake. Jumla itakuwa 61.575.

Haya, mstari uliopauka. Nisogeze kamera... hapana, kivuli cha mkono wangu. Hivi? Naona 0.0030, halafu tarakimu moja imefutika. Msijali, tunaweza kuipata. Chukueni 58.425, gawanyeni kwa 19,282.18. Kalkuleta inasema 0.00303. Basi iliyofutika ni 3.

Sasa nisikilizeni hapa kuliko pengine popote. Kiwango hiki kimeandikwa kinyume. Hakisemi riali moja ni shilingi ngapi, kinasema shilingi moja ya Kenya inanunuliwa kwa riali ngapi. Kwa hiyo hapa huzidishi, unagawanya. Na maana yake ni kwamba namba NDOGO ndiyo nzuri kwako. Narudia: kikiandikwa namna hii, kidogo ndicho kizuri.

Mimi mwenyewe kiliniumiza. Mwaka wangu wa kwanza Maskati niliona maduka mawili yamepakana, moja limeandika 0.003030 na jingine 0.003060. Nikaingia la pili kwa sababu namba yake ni kubwa. Kwa pesa kama hizi za shoga yangu, 58.425 gawanya kwa 0.003060 unapata shilingi 19,093. Tofauti ni shilingi 189, na nilitembea hivyo miezi mitatu. Hilo duka halikunidanganya, lilikuwa limeandika wazi. Ni mimi niliyesoma vibaya. Ukishindwa kukumbuka, bonyeza 1 gawanya kwa kiwango. 1 gawanya kwa 0.00303 ni 330. Hapo sasa riali moja ni shilingi 330, namba ambayo hata mtoto ataielewa, na hapo ndipo kubwa inakuwa nzuri. Kabla hujalinganisha maduka, zigeuze zote ziwe namna moja. Tafadhali.

Tukishapata 330, tunauliza: soko lilikuwa linasemaje? Kwa Omani hii ni rahisi, na naipenda kweli hesabu hii. Tangu 1986 riali imefungwa kwenye dola, riali 1 ni dola 2 na senti 60, haipandi haishuki. Basi tazama dola ni shilingi ngapi kwenye tovuti ya Benki Kuu ya Kenya siku hiyo, uzidishe kwa 2.6. Siku shoga yangu alipotuma, dola ilikuwa 129.20. Mara 2.6 ni kama 336. Duka limempa 330. Shilingi 6 kwa kila riali zimebaki dukani.

58.425 mara 336 ni 19,631. Amepata 19,282. Kuna shilingi 349 ambazo hazina mstari wake kwenye risiti, zimo ndani ya kiwango. Ukizirudisha kwenye riali, ni riali 1 na baiza 38 hivi. Kwa hiyo gharama yake ya kweli si 1.575, ni kama riali 2 na baiza 600. Duka lina haki ya kupata faida yake. Ila ukiona bango la "hakuna ada", peleka macho kwenye kiwango mara moja. Ukinyimwa shilingi 15 kwa kila riali, hiyo ada iliyofutwa umeilipa tena na ziada.

Mstari wa mwisho, `FC Amount`, ni shilingi zitakazofika. Kama zinakwenda M-Pesa, linganisha na ujumbe wa simu ya mama kabla hajatoa. Akishatoa kwa wakala kuna makato ya kutoa, na hayo hayahusiani na risiti hii. Kama zinakwenda benki, tafuta herufi tatu karibu na ada. `OUR` ni kwamba gharama zote umelipa wewe. `SHA` ni kugawana, kwa hiyo benki za njiani au ya mpokeaji zinaweza kukata chao, na zitafika pungufu ya ilivyoandikwa. `BEN` zote anabeba mpokeaji.

Daftari ninaloandikia ndilo lile ninalouza, lina safu ya zilizotolewa, ada, zilizotumwa, shilingi kwa riali, na zilizofika. Nimezipanga hivyo kwa sababu kiwango unakiandika kikiwa kimeshageuzwa, 330, si 0.00303. Na risiti ipigeni picha palepale dirishani, ingali nyeusi.