Watu wanne ndani ya kifaru: nani anafanya nini hadi mzinga ulie

Karibuni watazamaji. Tuko Nzuguni, Dodoma, na nimechora kifaru aina ya T-54 hapa mchangani. Chukua viti vinne, tupange pamoja.

Kiti cha kwanza weka mbele kushoto: dereva. Nyuma yake ndipo penye kichwa kinachozunguka. Humo, upande wa kushoto, kaa mpiga mzinga, na kamanda mgongoni kwake. Mpakiaji yuko kulia peke yake, mzinga umemtenga na wenzake.

Sasa tufyatue. Kamanda ndiye mwenye macho mapana, kwa hiyo yeye huona kwanza. Anasema kwa ufupi: "Kutoboa chuma! Kifaru, kulia kwa mbuyu! Mita 800!" Aina ya risasi imetangulia makusudi, ili mpakiaji aanze kazi wakati wengine bado wanatafuta mbuyu.

Dereva anasimama polepole mahali tambarare. Hapa wengi hudhani kazi yake imeisha. La! Akisimamisha kifaru kimeinamia korongo, risasi huvutwa upande ule wa chini, hata kama mpiga mzinga amelenga sawasawa.

Tazama mpakiaji. Risasi ya mzinga huu wa milimita 100 ina uzito wa kilo 30 hivi, naye anaigeuza katika nafasi finyu, anaisukuma ndani, mlango wa mzinga unajifunga. Mzinga ukilia hurudi nyuma karibu nusu mita. Ndiyo maana anajiondoa njiani kwanza, ndipo aseme "Tayari!" Neno hilo likitoka mapema, mwenzake anaweza kumvunja mkono bila kujua.

Mpiga mzinga anaona kupitia darubini yake tu, kipande kidogo cha dunia. Akishamwona adui anajibu "Nimemwona," anasubiri "Piga!" ya kamanda, anafyatua.

Kiangazi kama hiki, mlipuko huinua vumbi na darubini yote inakuwa nyekundu. Kamanda aliye juu yake ndiye anayetazama risasi imeangukia wapi: "Fupi, ongeza 100!" Mpakiaji ameshashika nyingine, huku ganda la moto likiwa limeangukia miguuni.

Kwa nini kamanda asilenge mwenyewe? T-34 za mwanzo, vifaru vilivyotangulia T-54, zilikuwa na watu wawili tu kichwani, na kamanda ndiye aliyefyatua. Jicho likiwa kwenye shabaha, hakuna aliyeangalia pembeni. Mwaka 1944 ikaja T-34-85 yenye mtu wa tatu humo, kamanda akabaki na kuangalia na kuamuru.

T-72, kifaru cha baadaye, nayo imemwondoa mpakiaji, mashine inapakia. Ondoa kiti cha kulia ubaki na vitatu. Mnyororo ukikatika porini, au zamu ya kulinda usiku ikifika, kazi ya mtu huyo wa nne inagawanywa kwa hao watatu.