Barua ya kuomba mali kwa mkopo: mwenye jumla anaangalia nini

Ndugu zangu wenye maduka, habari za mchana, na asanteni kwa kufunga biashara zenu saa hizi mje kusikiliza. Nimefanya kazi ya kushika daftari la madeni kwa muuza jumla wa vyakula pale Kariakoo, kwa hiyo barua hizi nazijua kwa upande wa anayeombwa. Leo nataka tuisome moja pamoja.

Tuchukue duka la vyakula Mbagala, lina miezi minne tangu lifunguliwe, na linauza wastani wa Sh 300,000 kwa siku. Bei nitakazotaja ni za kufanyia hesabu tu, maana sukari haikai bei moja. Mwenye duka ameandika hivi: "Naomba mali ya Sh 10,000,000 nilipe baada ya siku 30. Natarajia kuchukua mifuko 40 ya sukari kila mwezi." Ameweka na sahihi, na nakala ya leseni ya biashara.

Mwenye jumla hataanza na leseni. Atachukua kikokotoo. Mifuko 40 ya kilo 50 ni kilo 2,000, yaani zaidi ya kilo 66 kwa siku. Ukiuza kilo Sh 3,000, sukari peke yake ni karibu Sh 200,000 kwa siku. Duka linalouza Sh 300,000 kwa siku kwa bidhaa zote haliwezi kupata theluthi mbili kutoka kwenye sukari, huku lina unga, mchele, mafuta, sabuni na vocha. Hapo barua imeshakwama. Huenda mwombaji hakuwa na nia ya kudanganya, alitaka tu aonekane mteja mkubwa, lakini anayesoma anaona mtu asiyejua duka lake linauza nini.

Kiasi cha mwezi kinatoka kwenye daftari la mauzo, na kinathibitishwa na risiti. Ndiyo maana nawasihi: kabla ya kuandika barua, nunua taslimu kwa huyo huyo mwenye jumla kwa miezi miwili au mitatu, na kila safari dai risiti ya EFD yenye TIN yako. Risiti hizo zikipangwa kwa tarehe zinasema mambo ambayo aya tatu za kujisifu haziwezi kusema. Kwa duka letu la Mbagala zinaonyesha kwamba kila wiki linamaliza mifuko 3 ya sukari, mifuko 5 ya ngano ya kilo 25, ndoo 2 za mafuta za lita 20 na katoni 5 za sabuni. Sukari hiyo ni kama kilo 21 kwa siku, na kwa duka la mtaani lenye wateja wa robo na nusu hilo linaaminika. Sukari kwa Sh 140,000 mfuko, ngano 42,000, mafuta 90,000 ndoo na sabuni 30,000 katoni, mzigo mmoja unafika Sh 960,000. Kwa mizigo minne ya mwezi ni Sh 3,840,000.

Sasa tuje kwenye siku, maana hapa ndipo wengi wanapokosea. Mtu ananunua mali ya karibu Sh 4,000,000 kwa mwezi, basi anaomba mkopo wa Sh 4,000,000 kwa siku 30. Lakini mali hii inaisha dukani kwa siku 7. Ukiichukua Jumatatu, Jumatatu inayofuata imeshageuka fedha. Siku 23 zilizobaki fedha ya mwenye jumla inakaa wapi? Yeye anajua, kwa sababu ameona mara nyingi: imelipa kodi ya fremu, imelipa ada ya shule, imeongeza friji. Si mambo mabaya hayo, ila siku ya 30 ikifika fedha haipo na mali haipo.

Na kumbukeni faida yake ni ndogo mno kwenye bidhaa hizi. Akipata Sh 2,000 kwenye mfuko wa sukari wa Sh 140,000, mfuko mmoja usiolipwa unamlazimu auze mifuko 70 ndipo arudishe alichopoteza. Kwa hiyo akikataa barua yako usidhani ana roho mbaya.

Ombi linalokubalika kwa duka jipya ni la mzigo mmoja: wa leo ulipwe kabla wa wiki ijayo haujashushwa. Duka letu liombe kikomo cha Sh 1,000,000 kwa siku 7. Kiini cha barua kingesomeka hivi:

"YAH: MAOMBI YA KUCHUKUA BIDHAA KWA MKOPO WA SIKU 7. Tangu tufungue duka tumenunua kwako taslimu, wastani wa Sh 960,000 kwa wiki. Nakala za risiti zimeambatishwa. Tunaomba kuchukua kila Jumatatu mzigo usiozidi Sh 1,000,000 na kuulipa wote kabla ya mzigo unaofuata. Mwezi wa Ramadhani tunatarajia sukari na ngano ziongezeke. Januari, shule zikifunguliwa, mauzo hupungua na tutachukua pungufu. Tunaomba utaratibu huu uangaliwe upya baada ya miezi mitatu."

Sentensi ile ya Januari msiione ndogo. Mwombaji anayetaja mwezi wake mbaya mapema anaaminika hata kwenye miezi mizuri.

Sehemu ya watu wa kuulizwa habari zako nayo inaharibiwa sana. Duka jipya halina historia ndefu, basi mtu anaweka jina la shemeji yake, au mtu mwenye cheo mtaani. Mwenye jumla akipiga simu anaambiwa "ni kijana mzuri, namfahamu tangu mdogo", na simu inaisha bila faida. Anayemtaka ni mtu aliyewahi kukupa kitu kabla hujakilipia. Yupo anayekuletea mikate: kila siku mbili anaacha ya Sh 40,000 na kuchukua fedha ya mikate iliyopita. Yupo mwenye fremu unayemlipa kodi. Kama uliwahi kuuza kwenye duka la mtu mwingine, yupo bosi wako wa zamani aliyekukabidhi funguo na droo. Andika kila mmoja mnafanya naye nini, tangu lini, kwa kiasi gani, kisha namba yake. Muombe ruhusa kwanza, asishtuke akipigiwa. Nikipiga mimi, swali langu la msingi lilikuwa moja: akichelewa kulipa, simu anapokea?

Saini kwa jina lako kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, hata kama barua ina muhuri wa duka. Jina la biashara lililosajiliwa BRELA si kampuni. Deni la duka ni deni lako wewe, na anayekukopesha anataka kuona unalijua hilo.

Halafu taja nani anaruhusiwa kupokea mzigo. Ugomvi mwingi niliouona kwenye madeni ulianzia hapo: gari limefika, mwenye duka hayupo, kijana wa dukani amesaini karatasi ya mzigo bila kuhesabu. Wiki ijayo mmoja anasema mifuko mitatu, mwingine anasema miwili. Andika majina mawili, weka na mfano wa sahihi zao, na useme wazi kwamba mzigo uliosainiwa na mtu mwingine yeyote hutauhesabu kuwa deni lako. Mwenye jumla makini atalipenda sharti hilo, kwa sababu linamlinda na yeye dhidi ya dereva wake.